Daktari kaandika amitriptilini ya miezi mitatu, famasi wananipa vidonge 14 tu. Kuna nini?

MtotoWaMwisho
Wakuu, habari zenu. Nisaidieni kabla sijaenda kugombana na watu.

Mama yangu ana miaka 68, kisukari anacho siku nyingi, na usiku miguu inamuwaka kama aliyekanyaga makaa. Daktari kamwandikia amitriptilini ya miligramu 10, kidonge kimoja kabla ya kulala. Namshukuru Mungu imemfaa, sasa analala. Cheti kinasema miezi mitatu. Nimefika famasi, dada wa pale kahesabu vidonge 14, kavifunga, kaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nilipouliza sababu, naye akaanza kuniuliza mimi: mama anaishi na nani, nyumbani kuna watoto wadogo, siku hizi ana huzuni? Nikajiona kama mshukiwa kituoni.

Dawa zake za presha anapewa za mwezi mzima bila swali hata moja. Hii ina nini?

MzeeKobe
Hiyo inalevya, kijana. Ni ndugu yake diazepamu. Watu wakiizoea hawaiachi, ndiyo maana wanaibania.

Chausiku_J
Mzee, sidhani kama ni ulevi. Hiyo ni dawa ya msongo wa mawazo ya zamani ambayo inalaza sana. Mtu akizidisha analala fofofo mpaka pumzi inakata. Wanaogopa hilo tu.

DaktariWaZamu
Nafanya kazi chumba cha dharura, ngoja nichangie.

Mzee Kobe, hapana. Haina undugu na diazepamu, na hatuna shida ya watu kuitafuta ili walewe. Chausiku umefika nusu ya njia. Kulaza inalaza kweli, na hapo ndipo watu wanapoidharau, wakidhani mwisho wake mbaya ni usingizi mzito. Ingekuwa usingizi tu, tungemlaza mgonjwa ubavu, tukailinda njia yake ya hewa, tukasubiri kukuche. Inayotutoa jasho ni habari ya moyo.

Kila pigo la moyo huanza na umeme. Umeme huo unasafiri kwa sababu kwenye ukuta wa kila chembe ya msuli wa moyo kuna vilango ambavyo sodiamu hupita kwa kasi, chembe moja ikiamsha jirani yake. Kwa dozi ya kawaida ya usiku, amitriptilini haivisumbui vilango hivyo kwa kiasi cha kuhisika. Ikizidi, inaviziba. Ujumbe ambao ulitakiwa kufika upande wa pili wa moyo kufumba na kufumbua unaanza kukokota miguu. Moyo unapiga, lakini sehemu zake hazipigi pamoja. Presha inashuka, na ikiendelea mapigo yanavurugika kabisa.

Dawa nyingi za msongo zilizokuja baadaye, fluoksetini kwa mfano, haziwezi kufanya hivyo kwa urahisi namna hiyo. Hii ni ya kizazi cha zamani. Amitriptilini ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na imipramini ilitangulia miaka michache. Ni dawa nzuri, tena imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ila pengo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni jembamba mno.

MtotoWaMwisho
Daktari nimekusoma, ila mama anameza miligramu 10 tu. Si ndiyo ndogo kabisa?

DaktariWaZamu
Kwa mama, ndiyo, ni ndogo. Lakini mfamasia hakuwa anahesabu kidonge cha mama cha usiku mmoja. Alikuwa anahesabu vyote vitakavyokaa ndani ya nyumba yenu, na mikono yote itakayoweza kuvifikia.

Niwape kisa kimoja, nimegeuza mambo madogo madogo asijulikane mtu. Mtoto wa miaka 3. Bibi yake anatumia dawa hii hii, kwa miguu hii hii. Vidonge vilikuwa kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mkoba. Ni vidogo, laini, vina rangi, kwa mtoto ni peremende. Mama yake akakuta bahasha imechanika na mtoto anacheza vizuri kabisa. Jirani akashauri wasubiri, "mbona hana kitu?"

Katika kisa kizima, kosa lililonitia hofu ni hilo la kusubiri. Kwa nusu saa ya kwanza mtoto alikuwa kweli hana kitu. Ilipokaribia saa moja akaanza kuyumba. Midomo mikavu, uso mwekundu, mboni za macho zimepanuka. Walipofika kwetu ilikuwa saa moja na nusu hivi tangu ameze, amelegea, moyo unakwenda mbio kupita kiasi.

Tukamfunga waya za kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ya kipimo hicho ina vijiraba vidogo, na kwa mwendo wa kawaida wa mashine kila kijiraba ni milisekunde 40. Kila pigo linachora mwiba mmoja mrefu, tunauita QRS. Hata kwa mtu mzima mwiba huo kwa kawaida haupiti sana vijiraba viwili na nusu kwa upana, na wa mtoto huwa mwembamba zaidi. Wake ulikuwa umejaza vitatu na ushei. Kwa mgonjwa wa namna hii, mwiba ukipita milisekunde 100 tunaanza kuogopa degedege, ukipita 160 tunaogopa moyo wenyewe kuchafuka mapigo. Nilikuwa bado nimeshika karatasi mkononi alipoanza degedege.

Degedege lenyewe ni balaa la pili. Misuli ikikakamaa damu inakuwa na asidi, na dawa hii hunata zaidi kwenye vilango damu inapokuwa na asidi. Mambo yanazidishana. Tukalizima degedege kwa sindano, kisha tukampa sodiamu bikaboneti kwenye mshipa. Hiyo inafanya mambo mawili: inaleta sodiamu nyingi ya kusukuma kwenye vilango vilivyobaki, na inaondoa asidi ili dawa ilegeze mshiko wake. Nikasimama kwenye mashine kuangalia. Baada ya dakika chache mwiba ukaanza kujikusanya, kijiraba baada ya kijiraba. Nusu saa baadaye ukapanuka tena, tukarudia. Usiku ule alilala na bomba kwenye koo, mashine ikimsaidia kupumua.

Aliamka kesho yake mchana akidai kiatu chake kimoja ambacho mpaka leo hakikuonekana.

Chausiku_J
Nimesoma mwili unanisisimka. Swali: kwa nini msimtapishe alipofika? Au mumwoshe damu kwa mashine kama wagonjwa wa figo?

DaktariWaZamu
Kutapisha hapana, na hata nyumbani msijaribu. Mtu huyu anaweza kuwa anaongea sasa hivi na dakika kumi baadaye amezimia au ana degedege, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kuna mkaa maalumu wa hospitali unaoinyonya dawa tumboni, lakini unafaa akiwahi kufika, na awe macho, au njia yake ya hewa iwe imeshalindwa.

Kuosha damu hakusaidii, kwa sababu dawa haikai ndani ya damu. Inahamia kwenye nyama na mafuta ya mwili, humo mashine haiifikii. Kile kidogo kilichomo kwenye damu ukikiosha, kingine kinatoka huko mafichoni. Na hakuna sindano moja ya kuizima dawa hii kama zilivyo zile za kuzima dawa kali za maumivu. Tunaushikilia moyo na pumzi mpaka mwili uimalize wenyewe.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: dawa hii inalegeza tumbo na utumbo. Vidonge vinaweza kukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida vikiendelea kuingia mwilini polepole. Kwa hiyo akitulia kwa muda si ruhusa ya kumrudisha nyumbani. Mtu ambaye saa sita zimepita akiwa chini ya kipimo, mwiba wake mwembamba, fahamu zake safi, mapigo hayakimbii, huyo ndiye tunaanza kupunguza hofu juu yake.

Swala_mpole
Samahani, vidonge vingapi ndiyo vinakuwa hatari kwa mtu mzima? Naomba idadi kamili.

DaktariWaZamu
Swala, idadi sitaitaja hapa, na naomba wengine wasiitaje. Isitoshe hakuna idadi ambayo chini yake ningekwambia uko salama. Inategemea uzito, moyo wa mtu, ini lake, dawa nyingine anazotumia, kama kuna pombe. Kwa mtoto mdogo mimi nachukulia kidonge kimoja tu kuwa sababu ya kupiga simu au kwenda hospitali.

Ila nikuulize moja kwa moja, usinikasirikie: unauliza kwa ajili yako? Kama unafikiria kujidhuru, usibaki peke yako na vidonge hivyo sasa hivi. Mpe mtu avishike, nenda hospitali yoyote iliyo karibu hata usiku huu. Kama umeshameza, usisubiri kuhisi kitu, nenda sasa na pakiti mkononi.

FamasiUsiku
Swala uko hapo? Tujibu tafadhali.

MzeeKobe
Jamani kauliza swali tu.

FamasiUsiku
Ndiyo mzee, na sisi tumeuliza swali tu. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujidhuru hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye mtu kauliza.

Swala_mpole
Nipo. Samahani nimewatia hofu. Si mimi, ni kaka yangu. Aliacha kazi mwezi uliopita, hali, halali. Kituo kimoja cha afya walimpa amitriptilini za mwezi mzima ili alale. Juzi alisema "mngepumzika bila mimi", akacheka. Nimekuta kopo kwenye begi lake, nikataka kujua kama kiasi kile ni cha kuogopa.

DaktariWaZamu
Asante kwa kurudi. Basi jibu ni ndiyo, ogopa, bila kuhesabu. Kauli ile aliyoisema akicheka mimi ningeichukulia kuwa kauli kamili. Fanya mambo mawili leo, usingoje kesho. Keti naye faraghani umuulize kwa lugha nyepesi: "kaka, unafikiria kujiua?" Msikilize, usimhubirie. Na kopo liondoke kwenye begi lake, mwambie wazi kwamba unalishika wewe na utampa kidonge chake kila usiku. Halafu aonwe na daktari mapema iwezekanavyo, kwani huenda hata dawa yenyewe ikabidi ibadilishwe. Akisema ndiyo, au akikataa kukujibu, mpeleke hospitali leo hii na usimwache peke yake njiani.

FamasiUsiku
Mimi ndiye yule dada wa famasi mnayemlalamikia, si yule wa MtotoWaMwisho lakini mwenzake.

Hali ya kaka yake Swala ndiyo inayonifanya niuze kidogo kidogo. Dawa hii ina ubaya wa mpangilio wake: usingizi na mdomo mkavu vinakuja usiku wa kwanza, lakini nafuu ya moyo mzito inachukua wiki mbili, tatu, hata nne. Yaani mtu anakabidhiwa mzigo mzima siku ile ambayo hali yake ni mbaya kuliko zote na dawa bado haijaanza kumfaa. Kwa hiyo wiki za kwanza natoa za siku 7, au 14. Akirudi namwangalia usoni, namuuliza amelalaje. Kurudi kwake kwangu ni kipimo.

Si kila mahali kuna sheria inayotaja idadi. Mara nyingi ni uamuzi wa mfamasia na daktari. Na sipendi kuzitoa zikiwa huru kwenye bahasha. Zikiwa kwenye karatasi zake za kubonyeza moja moja, mtoto anachelewa, na hata mtu mzima aliyechanganyikiwa anachelewa. Dakika zile za kubonyeza si kitu cha kudharau.

MzeeKobe
Hapo ndipo mnaponichekesha. Mtu akishaamua ameamua. Atakwenda famasi tatu, atakusanya.

DaktariWaZamu
Wapo wanaofanya hivyo, mzee, sikatai. Lakini wengi ninaowapokea hawakupanga wiki nzima. Waligombana jioni, wakafungua kabati, wakachukua kilichokuwepo. Saa mbili baadaye wimbi lilikuwa limepita na wanalia wakiomba wasife. Kwa mtu wa namna hiyo kilichokuwemo kabatini jioni ile ndicho kinachoamua kama atakuja kuonana na mimi au la.

Uingereza mwaka 1998 walipunguza idadi ya vidonge vya parasetamoli katika kila pakiti inayouzwa. Hakuna aliyezuiwa kwenda duka la pili. Hata hivyo vifo vya parasetamoli vilipungua miaka iliyofuata. Wapo watafiti wanaobisha ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na pakiti, na mjadala haujaisha. Ila mimi nimeona wagonjwa wa kutosha kuamini kwamba safari ya kwenda duka la pili inawarudisha watu wengi.

MzeeKobe
Parasetamoli si amitriptilini.

DaktariWaZamu
Kweli. Parasetamoli inatupa saa nyingi za kuikabili. Hii haitupi.

Nuru_wa_Kipandauso
Mnasema vizuri ila na sisi tusikilizwe. Natumia hii dawa kwa kipandauso mwaka wa nne sasa, kidonge kimoja usiku. Sina huzuni, sina mtoto mdogo, naishi mbali na famasi. Kila wiki mbili nafunga safari. Mwezi uliopita mvua ilikata njia, dawa ikaisha, nikakaa siku tano bila. Usingizi ukakatika, kichefuchefu, kichwa kikarudi kama nyundo. Yule anayenilinda nisizidishe dozi ndiye aliyenikosesha dozi. Na nilipopata nyingine nilitamani nimeze mbili mbili kufidia.

FamasiUsiku
Pole dada. Kufidia usifidie kamwe, unaendelea na kimoja kama kawaida. Na kwa hali yako kwa kweli nisingekubana hivyo. Mtu wa mwaka wa nne, dozi ndogo, tunafahamiana, ningekupa za mwezi.

DaktariWaZamu
Hapo mimi na Famasi tunatofautiana kidogo. Mwezi ndiyo, lakini miezi mitatu kwa mkupuo sitoi hata kwa mtu mwenye furaha. Yule bibi wa mtoto wangu wa miaka 3 hakuwa na huzuni yoyote.

FamasiUsiku
Na aliyekatiwa njia na mvua wiki tatu utamwambiaje?

DaktariWaZamu
Sina jibu zuri. Labda sehemu ya akiba ishikwe na mtu mwingine anayeaminika. Kabati la kufuli. Hakuna lolote kati ya hayo linalofanana na kumwekea mtu dawa mlangoni.

Chausiku_J
Kwa hiyo kwa nini wasiziondoe kabisa sokoni kama ni hatari hivyo?

DaktariWaZamu
Kwa sababu mama yake MtotoWaMwisho analala. Maumivu ya mishipa ya fahamu ni jambo gumu, parasetamoli haiyafikii, na hii kwa dozi ndogo inawafaa wengi. Kwa msongo wa mawazo, mimi mwenyewe nikihofia mgonjwa anaweza kujidhuru sianzi na hii, naanza na zile za kizazi cha baadaye. Lakini si kila kituo kinazo siku zote.

Swala_mpole
Nimerudi. Nimemuuliza kama mlivyosema. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema "ndiyo, usiku." Kopo ninalo mimi. Tuko kwenye benchi hospitalini, tunasubiri kuitwa. Anasinzia begani kwangu.

FamasiUsiku
Umefanya vizuri, dada. Wakimwita ingia naye, na kopo mpe daktari alione.

DaktariWaZamu
Na waambie ile kauli ya juzi kama alivyoisema, neno kwa neno. Yeye mbele ya daktari anaweza kuipunguza.

MtotoWaMwisho
Wakuu, nilikuja na hasira zangu, sasa nimeinuka kwenda kukagua chumba cha mama. Chini ya mto kuna vidonge 14 vya juzi, hivyo sawa. Lakini kwenye kopo la zamani la poda nimekuta vingine vimechanganyika, vingine vya rangi tofauti, anasema ni vya "yule daktari wa kwanza" na aliviweka "visije vikapotea". Wajukuu wanalala humo humo wikendi. Nifanye nini navyo, nivitupe chooni?

FamasiUsiku
Usivitupe chooni wala kwenye taka za kawaida watoto wanakochezea. Vifunge na kopo lake, vipeleke famasi au kituo cha afya wavipokee kwa ajili ya kuteketezwa. Uliza kwanza kama wanapokea, wengine wanakataa. Na hivyo 14 navyo vitoke chini ya mto.

MtotoWaMwisho
Mama anasema chini ya mto ndipo anapokumbuka kuvimeza.

FamasiUsiku
Basi chini ya mto kiwe kidonge cha leo tu, na umpe wewe wakati wa kulala.